UZI: Tangi la asali linapitiliza lengo kwa nyuzi 15, halafu usiku wa manane linapoa na hita imelala. PID yangu ina nini?

MzingaTabora · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, Isevya. Kuna kikundi cha wafuga nyuki nawasaidia, nimewatengenezea tangi la kuta mbili la kuyeyushia asali iliyoganda. Katikati ya kuta kuna maji kama lita 60, hita ya kilowati 3, SSR, sensa ya DS18B20 ndani ya maji, na Arduino inayoendesha PI niliyoandika mwenyewe (D sijaweka). Lengo ni maji yakae nyuzi 45.

Kp = 20, yaani asilimia 20 ya hita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ti = sekunde 1200. Amri nimeiwekea mipaka, 0 hadi 100.

Kinachotokea: nawasha saa 10 jioni maji yakiwa nyuzi 24. Saa 11 na dakika 10 yanafika 45, vizuri kabisa. Hayasimami. Hita inaendelea kuwaka kwa nguvu zote hadi yanafika 60 kwenye saa 12. Baada ya hapo inazima na maji yanapoa polepole. Lakini juzi mlinzi alichungulia skrini saa 6 usiku akakuta nyuzi 36 na taa ya SSR imezima! Nyuzi 36, lengo 45, na hita imelala. Nilimbishia, nikadhani amesoma vibaya, jana nikakesha mwenyewe nikaona.

Asali ya 60 mnajua hali yake. Mnunuzi mmoja alisharudisha ndoo, akisema HMF, ile kemikali inayopanda asali ikipashwa moto sana, iko juu. Msaada tafadhali.

---

Sungwi_K · Jumatatu, saa 2:58 usiku

SSR imeungua hiyo. SSR feki zikiungua zinabaki zimefunga, mzigo unapata umeme muda wote. Badilisha weka ya ampea 40 yenye bamba la kupozea. Nimeshakutana na hilo mara tatu kwenye oveni za mikate.

---

MzingaTabora · Jumatatu, saa 3:05 usiku

@Sungwi_K nilianza na wazo hilohilo. Lakini taa ya upande wa amri inawaka na kuzima sawasawa na hita. Na ingekuwa imeungua, isingezima usiku.

---

Ampea13 · Jumatatu, saa 3:21 usiku

Ki yako kubwa. Igawe kwa kumi, kesi imeisha. Au achana na kuandika mwenyewe, chukua maktaba ya PID_v1, weka SetOutputLimits, ndani yake kuna antiwaindapu tayari. Watu mnapenda kuvumbua gurudumu upya.

---

BabaUvinza · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Kijana, kabla hujabadilisha chochote, chapisha P, I na amri kila dakika. Usichapishe joto peke yake. Umeweka mipaka kwenye amri, swali langu ni je, kwenye I umeweka? Ukileta namba tutaongea.

---

MzingaTabora · Jumanne, saa 1:30 usiku

Shikamoo mzee. Namba hizi hapa za jioni ya leo. Dakika zimehesabiwa tangu kuwasha, u ni amri baada ya kuwekewa mipaka:

```
dk    joto    P      I     u
0     24.1    418    0     100
35    34.3    214    548   100
70    45.0    0      733   100
95    52.4   -148    640   100
118   59.3   -286    389   100
```

Kwenye I sijaweka mpaka wowote. Nilidhani kubana u inatosha.

---

BabaUvinza · Jumanne, saa 2:15 usiku

Marahaba. Basi ugonjwa umeuandika mwenyewe kwenye mstari wa tatu. Joto limefika 45, P ni sifuri, kila kitu kingetakiwa kutulia. Lakini I ina 733. Hita yako mwisho wake 100, wewe umeishikia deni la 733.

Fuatilia hesabu. Kwa dakika 70 tofauti ilishuka kutoka nyuzi 21 hadi 0, wastani 10.5. Zidisha kwa sekunde 4200, unapata kama 44,000. Ki yako ni 20 gawa kwa 1200, yaani 0.0167. Zidisha, ni 735. Kwa hiyo I haikukosea hesabu, ilijumlisha kile ilichoambiwa. Shida ni kwamba kwa muda wote huo hita ilikuwa tayari iko mwisho, na kila kilichojumlishwa hakikuongeza hata wati moja.

Sasa deni linalipwaje? I inapungua kwa njia moja tu, joto kukaa juu ya lengo. Ndiyo maana kuanzia dakika ya 70 hadi ya 118 amri imegoma kwenye 100. Angalia mstari wa mwisho: 389 toa 286 ni 103. Bado inaomba nguvu zote, na maji yako yako 59! Dakika 48 za hita kamili baada ya kufika lengo. Hiyo ndiyo waindapu.

Na mlinzi wako muombe radhi. Hita haiwezi kupoza. Maji yakiwa 60 na hita imezima, yanashuka kwa kujipoea tu, na tangi lako lina kuta nzuri, itachukua saa tatu na zaidi kurudi 45. Muda wote huo I inashushwa: 300, 0, hasi 500, inapita hasi 1000. Yakifika 45 sasa una deni la upande wa pili. P inasema washa, I inasema hasi 1000, hita inalala hadi maji yafike 36 ndipo jumla inavuka sifuri. Kosa lilelile, mpaka wa chini badala ya wa juu.

---

Ampea13 · Jumanne, saa 2:32 usiku

Ndiyo nilichosema. Gawa Ki kwa kumi, hiyo 733 inakuwa 73. Imeisha.

---

BabaUvinza · Jumanne, saa 2:50 usiku

@Ampea13 hesabu yako ni sahihi, dawa ndiyo inayonitia shaka. Ukigawa Ki kwa kumi, Ti inakuwa sekunde 12,000, saa tatu na dakika 20. Wakimimina ndoo mbili za asali baridi katikati ya kazi, I itachukua nusu siku kurekebisha. Umemfunga mbwa mguu ili asimng'ate mgeni. Tena akianza asubuhi ya mwezi wa 7, maji yakiwa nyuzi 16, au umeme ukiwa mdogo hita ikachukua saa tatu kupanda, I inajaa tena vilevile.

Hiyo maktaba umetaja vizuri, inabana I ndani ya mipaka ya amri. Ni bora mara mia kuliko alivyo sasa. Lakini tazama inavyofanya kwenye tangi hili. I itapanda hadi 100 na kukaa hapo. Maji yakigusa 45, P ni 0, I ni 100, amri ni 100. Hita bado inasukuma kwa nguvu zote pale pale kwenye lengo, wakati kushikilia 45 kunahitaji labda asilimia 20. Zile 80 za ziada lazima zilipwe kwa joto kupita. Nimeipigia hesabu kwenye karatasi: itapitiliza nyuzi 2.4, yaani 47.4. Kwa oveni ya mkate ni sawa. Kwa asali mwenye mali aseme.

---

Ampea13 · Jumanne, saa 2:58 usiku

2.4 ni nzuri tu mzee. Sensa yenyewe ina kosa la nusu nyuzi.

---

NyukiNaMizinga · Jumanne, saa 3:40 usiku

Mimi si fundi umeme, ni mfugaji, Sikonge. Kuhusu HMF: kiwango cha Codex ni miligramu 40 kwa kilo, na asali ya nchi za joto kama zetu inaruhusiwa hadi 80. Nyuzi 47 kwa saa moja haikuui. Nyuzi 60 jioni nzima, kila siku, ndiyo inakumaliza, maana HMF ikishapanda hairudi. Ila kwa nini msiianike tu juani kwenye madumu meusi, jua la Tabora lipo bure?

---

MzingaTabora · Jumanne, saa 3:52 usiku

@NyukiNaMizinga jua nalo halina mpaka wa juu, mzee wangu. Tulishapima dumu jeusi mwezi wa 10, tukaogopa.

Mzee @BabaUvinza, nikitaka isifike hata hiyo 47?

---

BabaUvinza · Jumanne, saa 4:20 usiku

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kuisimamisha I pale amri ikiwa imefika mwisho na tofauti inazidi kuisukuma kulekule:

```c
bool juu   = (u >= 100 && e > 0);
bool chini = (u <= 0   && e < 0);
if (!juu && !chini) I += Ki * e * dt;
```

Hapo `u` ni kabla ya kubanwa, na zingatia hiyo `e`. Ukisimamisha I kila amri ikigonga mwisho bila kuangalia upande wa tofauti, inaweza kukwama juu na kushindwa kushuka. Nimeona programu ya hivyo, waliita fundi kila wiki.

Kwako itakuwa hivi: P peke yake inazidi 100 hadi tofauti iwe nyuzi 5. Kwa hiyo kuanzia 24 hadi 40 I inakaa sifuri kabisa. Kuanzia 40 inaanza kujikusanya taratibu, na hita inaanza kulegea kabla ya kufika. Kupitiliza kunakuwa chini kidogo ya nyuzi moja.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi. Unachukua ile ziada, yaani amri uliyoitaka toa amri iliyowezekana, unairudisha kwenye I ili iipunguze:

```c
float u = Kp * e + I;
float uHalisi = constrain(u, 0, 100);
I += (Ki * e + (uHalisi - u) / Tt) * dt;
```

Kila kitu kiko kwenye Tt, na hapa ndipo wengi wanaiga bila kufikiri. Ukiweka Tt sawa na Ti, kwa PI, fanya aljebra utaona `e` inajifuta na I inapanda kuelekea 100 kama kawaida. Umeandika mstari mrefu kupata karibu kilekile cha maktaba. Ikiwa ndogo, I inashikiliwa chini wakati tofauti ni kubwa, na hita inaachia mapema. Maji yako yanapanda nyuzi 0.005 kwa sekunde. Hita itaanza kulegea ikibaki nyuzi 0.005 × (Ti − Tt). Kwa Tt ya 600 ni nyuzi 3 kabla ya lengo, kwa Tt ya 120 ni nyuzi 5.4. Anza na 120.

---

dada_Ujiji · Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Naomba niingilie, maana mimi nina antiwindapu na bado nateseka, huku Kigoma. Ni pampu ya maji inayopandisha mtaa wa juu, PLC inasoma presha na kuamuru VFD. Kwenye PLC antiwindapu imewashwa, mipaka 0 hadi 100. Lakini kila asubuhi, watu wakishamaliza kuchota na kufunga mabomba, presha inaruka juu kama nusu dakika kabla pampu haijapunguza mwendo. Viungo vya bomba vimeshaachia mara mbili. Nimebadilisha namba zote za PID, wapi.

---

BabaUvinza · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Dada yangu, kwenye VFD yenyewe, masafa ya juu yamewekwa ngapi? Na PLC inaposema 100, inamaanisha hertz ngapi?

---

dada_Ujiji · Jumatano, saa 6:15 mchana

Nimerudi kutoka kwenye kibanda cha pampu. PLC 100 ni hertz 50. VFD kuna mtu aliweka mwisho 42, nasikia mota ilikuwa inapata joto enzi hizo. Hakuandika popote.

---

BabaUvinza · Jumatano, saa 6:40 mchana

Basi ndiyo hiyo. Hertz 42 ni asilimia 84. Kati ya 84 na 100 PLC inadhani inaongeza mwendo, VFD imeshagoma zamani. I inajaa ndani ya pengo hilo, na antiwindapu haioni kitu kwa sababu mpaka wake ni 100. Mabomba yakifungwa, lazima kwanza ishuke kutoka 100 hadi 84 ndipo pampu ihisi. Weka mpaka wa juu wa PLC uwe 84, au bora zaidi soma mwendo halisi kutoka VFD uutumie badala ya amri yako.

@MzingaTabora nawe sikiliza hapa, umeme ukikatika Arduino yako inazima?

---

MzingaTabora · Jumatano, saa 12:20 jioni

Haizimi mzee, nimeiweka kwenye betri ili isipoteze kumbukumbu. Nilijiona mjanja.

---

BabaUvinza · Jumatano, saa 1:15 usiku

Ujanja huo utakutoa jasho. Tuseme umekaa vizuri kwenye 45, I ni 20. Umeme unakatika dakika 40, maji yanashuka taratibu hadi 42. Tofauti ya wastani nyuzi 1.5, sekunde 2400, mara 0.0167: I imeongezeka 60. Kwa dakika kama 30 za kwanza amri yako ilikuwa chini ya 100, kwa hiyo wala kubana, wala masharti, wala kurudisha ziada havikuona tatizo hadi dakika za mwisho. Kwa programu, hita inafanya kazi. Ukweli hita ina sifuri. Umeme ukirudi, una I ya hadi 80 mahali panapohitaji 20.

Chukua rilei ndogo ya volti 230, koili yake iunge kwenye waya wa hita baada ya breka na baada ya themostati ya usalama, ila kabla ya SSR. Mguso wake upeleke Arduino. Kisha ongeza mstari mmoja baada ya constrain:

```c
if (!umemeUpo) uHalisi = 0;
```

Hapo ndipo njia ya pili inaizidi ya kwanza. Inajali kilichofika kwenye hita kweli, chochote kile kilichokizuia: mpaka, breka, themostati, au mtu aliyechomoa plagi kuchaji simu.

---

Sungwi_K · Jumatano, saa 1:30 usiku

Mimi bado nasema aangalie na SSR.

---

MzingaTabora · Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wakuu, mrejesho. Njia ya pili, Tt 120, na rilei ya kuangalia umeme. Leo nimeanza na maji nyuzi 23. Hita ikaanza kukatakata kwenye 39.8, kilele 46.2, sasa saa mbili baadaye imetulia 45.1. Nimezima breka makusudi kwa nusu saa nikawasha, kilele 45.7. Mlinzi nimemnunulia soda.

Lakini kuna kitu kimoja kimenishangaza. Mara mbili nimeona I ikianguka ghafla, mara moja kutoka 20 hadi hasi 5 ndani ya sekunde moja, halafu joto likazama kama nusu nyuzi. Toleo la zamani halikuwa na hili.

---

BabaUvinza · Ijumaa, saa 3:35 usiku

Kuna usomaji wa hasi 127 kwenye rekodi yako?

---

MzingaTabora · Ijumaa, saa 3:44 usiku

Upo! Sekunde ileile. Umejuaje?

---

BabaUvinza · Ijumaa, saa 4:05 usiku

Hiyo ndiyo namba ambayo maktaba ya sensa hiyo inaitoa ikikosa mawasiliano, waya wako unalegea mahali. Tofauti inakuwa 172, amri inakuwa 3460, ziada ni 3360. Gawa kwa Tt ya 120, I inachotwa 28 kwa sekunde moja, Ki ikirudisha karibu 3. Ndiyo 25 zako zilizopotea.

Hii ndiyo bei ya Tt ndogo. Kelele yoyote inayorusha amri nje ya mipaka inakwangua I. Ungekuwa na D kwenye sensa yenye kelele, ungeiona kila dakika. Kataa hasi 127, kataa na 85 kamili inayokuja sensa ikiwashwa upya, tumia usomaji wa mwisho uliokuwa mzuri. Na kaza waya.

---

Ampea13 · Ijumaa, saa 4:12 usiku

Maktaba yenye kubana I isingepata shida hiyo. Nasema tu.

---

BabaUvinza · Ijumaa, saa 4:20 usiku

Hapo umenishika. Kwa sekunde moja ile, I ingepanda 3 tu.

---

MzingaTabora · Jumamosi, saa 2:00 asubuhi

Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda, nimebadilisha. Swali la mwisho: wenye asali wanataka lengo liwe joto la asali yenyewe, maji yasizidi 50. Sensa nikiihamishia kwenye asali, je?

---

dada_Ujiji · Jumamosi, saa 2:25 asubuhi

Usihamishe, ongeza ya pili. PID ya nje isome asali na kuipa ya ndani lengo la maji. Mpaka wa lengo hilo uwe 50, unarudisha ziada kwa namna ileile. Mimi 84 imenitibu, presha haijaruka siku tatu.

---

BabaUvinza · Jumamosi, saa 3:00 asubuhi

Nakubali sensa mbili, ila mpaka wa 50 peke yake hautoshi. Maji yakiwa bado 30 na hita iko 100, lupu ya nje inaomba 48 na inaendelea kujaza I ingawa 48 iko ndani ya mpaka. Lazima ya ndani iiambie ya nje kwamba imeshikwa. Njia moja ni kuirudishia joto halisi la maji kama "kilichowezekana".

---

dada_Ujiji · Jumamosi, saa 3:12 asubuhi

Ukiirudishia joto halisi la maji wakati wote, si utaichelewesha ya nje hata pale ambapo hakuna kilichoshikwa? Maji huwa nyuma ya lengo muda wote.

---

BabaUvinza · Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Ndiyo, kwa hiyo wakati hita iko mwisho tu. Lakini hapo kwenye kuingia na kutoka kuna kijimruko, na sijawahi kukifanya kwenye kitu kizito kama asali. Ukijaribu, leta namba.

---

MzingaTabora · Jumamosi, saa 3:41 asubuhi

Nasubiri mtu wa kutoboa tangi, Jumatatu.